Nilivyotuma maombi ya kazi kwa barua pepe yenye kiungo cha video

Tangazo la kazi ya huduma kwa wateja lilitaka CV, barua ya maombi na video fupi ya kujitambulisha, vyote katika barua pepe moja.

Nilirekodi kwa simu niliyoilaza upande, nimekaa nikitazama dirisha ili mwanga unipate usoni. Ilichukua sekunde 70: jina na nafasi ninayoomba, kisa kimoja cha mteja niliyemhudumia, na lini naweza kuanza. Feni niliizima, maana simu huunasa mvumo wake kuliko unavyousikia mwenyewe.

Faili lilifika MB 140, na Gmail haitumi kiambatisho kinachozidi MB 25. Ukipitisha video WhatsApp ili ipungue, picha hufifia. Nikaipandisha Google Drive, kwanza nikiwa nimebadilisha jina la faili, kwa sababu mtazamaji huliona.

Hapa ndipo wengi hukwama. Faili jipya Drive huwa `Restricted`, yaani ni lako peke yako. Mwajiri akibofya anakutana na `You need access`, na sidhani kama mwenye maombi mia mezani ataomba ruhusa akusubiri. Bonyeza `Share`, chini ya `General access` chagua `Anyone with the link`, wadhifa uwe `Viewer`, halafu `Copy link`. Kwa YouTube, chagua `Unlisted`. Ukiweka `Private` utarudi kwenye tatizo lilelile.

Usijipime kwa kivinjari chako cha kawaida, maana akaunti yako imo humo na kiungo kitafunguka tu. Nilikibandika kwenye dirisha la `Incognito`, kisha kwenye simu ya jirani. Video ikipandishwa Drive huchakatwa kwanza, na kabla haijamaliza huenda isicheze. Kwa hiyo nilipandisha jioni, nikatuma asubuhi.

Katika barua pepe, kiungo kitupu hutia shaka, kwani matapeli nao hutuma viungo. Niliandika hivi:

"Nimeambatisha CV na barua ya maombi, zote PDF. Video yangu ya kujitambulisha, sekunde 70, iko kwenye kiungo kilicho hapa chini na inafunguka bila kuingia kwenye akaunti. Ndani yake naeleza nilivyomsaidia mteja aliyekatwa pesa mara mbili."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayomfanya mtu abofye, kwa hiyo ihusu kazi unayoomba. Chini yake nikaweka kiungo kizima kwenye mstari wake, bila nukta mwishoni, maana nukta ikigandana nacho huweza kukiharibu. Sikukifupisha, kwa sababu kiungo kilichofupishwa huficha kinakoelekea.

Faili nimeliacha Drive. Ukilifuta kabla usaili haujaisha, kiungo hufa, na CV yako huenda ndiyo kwanza inafika kwa meneja.