Holta ya siku moja, bangili ya mkononi, na moyo unaokimbia mara moja kwa wiki tatu

Mara ya kwanza nilikuwa nimeinama kuinua ndoo. Moyo uliruka kama mtu aliyekanyaga mafuta ya gari ghafla, ukaendelea kupiga hivyo kwa karibu nusu saa. Kisha ukakata, kwa pigo moja tu, kama vile haukuwahi kukimbia. Baada ya hapo nilienda chooni mara nne ndani ya saa moja. Sikujua kwamba vitu hivyo vitatu (kuanza ghafla, kukata ghafla, mkojo mwingi baadaye) ni habari muhimu kwa daktari. Nilimwambia tu, "Moyo ulinienda mbio," naye akanipima umeme wa moyo nikiwa nimetulia kitandani. Karatasi ikatoka safi. Bila shaka ingetoka safi, maana moyo wenyewe ulikuwa umeshatulia.

Ikarudi baada ya wiki tatu, kisha tena baada ya nyingine tatu hivi. Ndipo nikaandikiwa holta.

Holta ni kisanduku kidogo kinachoning'inia kiunoni, nyaya zake zimebandikwa kifuani kwa vibandiko vyenye jeli. Inarekodi umeme wa kila pigo kwa saa 24. Nesi alinisugua ngozi kwa spiriti mpaka ikawasha, akanipa karatasi ya kuandika kila ninachohisi na saa yake, akasema, "Mama, leo hakuna kuoga." Ilikuwa Desemba, Mtwara, joto lenyewe mnalijua. Saa nane mchana kibandiko kimoja kilikuwa kimeshajinyanyua pembeni kwa jasho. Nilikibandika upya kwa plasta, lakini ripoti ilipokuja palikuwa na karibu dakika 50 za mikwaruzo mitupu. Ukivaa hicho kitu mwambao huu, omba vibandiko vya akiba na uvikague kila baada ya saa mbili.

Ripoti ilisema mapigo kama 98,000, wastani wa 68 kwa dakika, na mapigo 212 yaliyokuja kabla ya zamu yake. Mbio hakuna. Chini yake: dalili alizoandika mgonjwa hazilingani na mapigo yoyote yasiyo ya kawaida.

Mstari huo ulinikera, kwa sababu niliandika "2:10, moyo umeruka mara mbili," na nilikuwa na uhakika. Nikarudi na karatasi yangu. Ikagundulika kwamba msomaji aliitafuta saa 02:10 kwenye mashine, usiku wa manane, nikiwa nimelala na moyo unapiga 58. Mimi niliandika saa mbili na dakika kumi asubuhi, kama tunavyohesabu sisi sote. Walipofungua 08:10, yakaonekana mapigo mawili ya ziada kutoka chumba cha chini cha moyo, palepale nilipoandika. Tangu siku hiyo nikiandika saa kwa ajili ya mashine, naandika 08:10, na ninaongeza "asubuhi".

Kwa hiyo holta haikuwa kazi bure. Ilithibitisha kwamba yale ya kuruka-ruka ni mapigo ya ziada, na daktari alisema kwa moyo usio na tatizo jingine hayatishi. Lakini ule mkimbio mkubwa haikuuona, na hesabu yake ni rahisi: kitu kinachokuja siku moja kati ya 21, ukikitegea siku moja, una nafasi moja kati ya 21. Kuna vifaa vya kubandika wiki mbili, na vingine vinawekwa chini ya ngozi kwa miaka, ila hapa kwetu havikuwa karibu wala kwa bei yangu.

Mtoto wa kaka yangu akaniletea bangili kutoka Dar, ya bei nafuu, isiyopima umeme. "Shangazi, hii haivuliwi hata ukioga," akasema. Nilifikiri nimemaliza.

Bangili ya aina hii haioni umeme kabisa. Inamulika taa ya kijani kwenye ngozi na kuangalia damu inavyojaa na kupungua mkononi. Mkimbio uliofuata ulidumu dakika nane na bangili haikuonyesha kitu, kwa sababu ilikuwa imewekwa kupima kila baada ya dakika 10 ili kutunza chaji. Nikaibadilisha ipime mfululizo. Chaji iliyokuwa inafika siku tisa ikashuka hadi tatu.

Kisha ikanipa hofu ya uongo. Nikitwanga makopa ikaandika 142. Nikasimamisha mchi, nikashika shingo, nikahesabu: 96. Bangili ilikuwa inahesabu mchi. Niliikaza mkanda na kuisogeza vidole viwili juu ya kifundo, na kuanzia hapo namba yoyote kubwa iliyokuja wakati mkono unafanya kazi sikuiamini.

Mkimbio wa kweli ulipokuja, usiku nikiwa nimekaa natazama taarifa ya habari, ikafanya kinyume. Shingoni nilihesabu 46 kwa sekunde 15, yaani 184 kwa dakika. Bangili ikaandika 92, kisha vistari, kisha 92 tena. Daktari alinieleza baadaye: moyo ukienda kasi hiyo haupati muda wa kujaa, kwa hiyo mawimbi mengine hufika mkononi dhaifu, na bangili inayaruka. Ingekuwa ya kuaminiwa peke yake, ningeambiwa sikuwa na kitu.

Hata hivyo, grafu yake ilikuwa na kitu ambacho holta haikuwa nacho. Ilionyesha mstari wa 74 ukivunjika mara moja saa 20:16, bila kupanda taratibu kama mtu aliyeshtuka au aliyepanda ngazi, na kurudi mara moja saa 20:49. Daktari aliiangalia grafu ile kwenye simu yangu kwa muda mrefu kuliko alivyoangalia karatasi zote. Akasema, "Umbo hili ndilo ninalolitaka, lakini siwezi kuandika ugonjwa kwa taa ya kijani. Niletee moyo ukiwa unakimbia."

Basi tukapanga. Zahanati iliyo dakika sita kwa bodaboda ina mashine ya umeme wa moyo. Nilienda nikazungumza na mganga mapema, akaniandikia kikaratasi ili nisipangwe foleni. Tukakubaliana pia kwamba nikizimia au kifua kikiuma, siendi zahanati, naenda hospitali moja kwa moja.

Siku ya 17 ikaja, jioni, nimeinama kufunga kiatu. Nikahesabu shingo: 47 kwa sekunde 15. Nilifika bado unakimbia. Karatasi ikatoka na mapigo membamba, yamepangana sawasawa, kati ya kilele na kilele visanduku vidogo 8. Mganga akagawanya 1,500 kwa 8 mbele yangu: 187 na nusu. Kisha akanipa bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano, nipulize mpaka pistoni isogee, sekunde 15, akanilaza haraka na kuinua miguu yangu. Moyo ukakata. Mashine ilikuwa bado inachapa, kwa hiyo hata hapo pa kukata pameandikwa.

Jina la ugonjwa likapatikana kwenye karatasi hiyo: mbio zinazoanzia sehemu ya juu ya moyo, kwa mzunguko wa umeme. Nina rufaa ya Dar kuzungumzia kuunguza njia hiyo ya umeme.

Karatasi yenyewe ni ya kuchapwa kwa joto, kama risiti, na risiti za huku kwetu hufutika ndani ya miezi michache. Nimeitoa kopi tatu stesheneri na kuipiga picha. Ile halisi iko ndani ya daftari, mbali na nailoni.