Barua niliyomwandikia mteja aliyebaki na pesa yangu ya tofali

Mteja alichukua tofali 1,500 za inchi 6 kwenye banda langu hapa Morogoro, kila moja Sh 1,400. Siku ya kupakia alilipa Sh 900,000, zilizobaki akaahidi kumalizia ndani ya mwezi mmoja. Mwezi ukapita, na wa pili ukapita. Mwanzoni alikuwa anapokea simu, "kesho kutwa nakumalizia." Baadaye ikawa inaita tu mpaka inakata. Ukuta wake umeshasimama, na mimi nadaiwa saruji dukani.

Usiku mmoja nikaandika barua ya kurasa mbili. Nilimwita tapeli, nikamwambia nitakuja na askari, na picha yake nitaiweka kwenye grupu la mtaa. Bahati nzuri kabla ya kuipeleka nilimwonyesha jirani yangu, mzee aliyestaafu ukarani wa mahakama. Akaisoma yote kimya, kisha akaanza kukata mstari mmoja baada ya mwingine.

"Mwanangu, deni la tofali ni shauri la madai. Askari hakusanyi madeni. Na hili neno tapeli utalithibitisha kwa karatasi ipi? Ukimtangaza mtaani, yeye ndiye atakayekushtaki wewe."

Akanituma nilete kila karatasi niliyonayo. Zilikuwa mbili, ankara na hati ya kupokelea mzigo iliyosainiwa na fundi wake, pamoja na ujumbe wa muamala wa simu wa zile laki tisa. Mzee akaisogeza ile hati karibu na taa. Chini kabisa fundi alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi: "40 zimevunjika." Sikuwahi kuyaona maneno hayo. Miezi yote nilikuwa nadai Sh 1,200,000, kumbe tofali nzuri zilikuwa 1,460. Mzee akasema nikipeleka hesabu isiyo sahihi, mteja atabishania zile 40 na deni lenyewe halitazungumzwa.

Nilitaka kuongeza riba ya kuchelewesha. Akauliza kama tulikubaliana riba. Hatukukubaliana, basi ikatoka. Zile ahadi zake za "kesho kutwa" nazo akaziondoa. Ujumbe niutunze kwenye simu, kama tutafika mahakamani nitauonyesha huko. Ndani ya barua yakabaki yale tu yenye karatasi nyuma yake:

"YAH: MADAI YA SH 1,144,000, ANKARA NA. 0087

Tarehe 3 Machi ulipelekewa tofali 1,500 za inchi 6 kwa bei ya Sh 1,400 kila moja, na fundi wako alisaini kuzipokea. Nimeondoa 40 zilizovunjika. Thamani ya 1,460 ni Sh 2,044,000. Ulilipa Sh 900,000. Salio ni Sh 1,144,000, na muda tuliokubaliana wa kulilipa uliisha tarehe 3 Aprili.

Nakutaka ulipe salio hilo ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii, kupitia namba iliyo kwenye ankara. Kama hukubaliani na kiasi hiki, nijibu kwa maandishi ndani ya siku hizohizo. Usipolipa wala kujibu, nitafungua shauri la madai Mahakama ya Mwanzo."

Mstari wa mwisho mzee aliniuliza mara mbili kama kweli nitakwenda mahakamani. Nilipomjibu nitakwenda, ndipo akauacha.

Niliambatisha nakala za ankara na hati, nikabaki na zile halisi na nakala ya barua. Nikaitia kwenye bahasha iliyofungwa, maana deni ni la watu wawili, majirani hawahusiki. Kijana wangu akampelekea mwenyewe mkononi na kitabu cha dispachi. Nilikuwa nimemwelekeza kwamba akikataa kusaini, asibishane naye, aandike tu tarehe, saa na kwamba amekataa. Hakukataa, alisaini.

Siku ya kumi na moja akapiga mwenyewe. Hakubisha hata shilingi moja, aliomba kulipa kidogo kidogo. Nikamwambia, "Sawa kaka, njoo tuandikiane." Tukaandika kwamba anakubali kudaiwa Sh 1,144,000 na atalipa mara tatu, laki nne, laki nne, kisha 344,000, kila moja na tarehe yake. Tukasaini wote, mzee akawa shahidi. Karatasi hiyo ilinipa nguvu kuliko hata ankara, kwa sababu sasa deni alilikubali kwa mkono wake mwenyewe.

Awamu mbili zilikuja kwa wakati. Ya tatu ilichelewa siku tisa. Nilimtumia ujumbe mmoja wenye tarehe ya makubaliano na kiasi kilichobaki, pesa ikaingia jioni ileile. Kesho yake nilimwandikia risiti ya kumaliza deni na kumpelekea nyumbani.