Maoni Mawili ya Nyota Moja

Yaliingia wiki moja, yote ya nyota moja, kwenye ukurasa wa Google wa karakana tuliyokuwa tukitengeneza kompyuta na simu. Kazi ya kusoma maoni ya wateja na kuyajibu ilikuwa yangu. Bosi aliyasoma kabla yangu, na nilipofika alikuwa ameshaamua: ya kwanza tuyaripoti yafutwe, ya pili tuyajibu, tena tuyajibu kwa ukali ili watu wajue ukweli. Mimi niliona kinyume kabisa, na tulibishana kwa saa nzima.

Ya kwanza yalikuwa ya mteja tuliyemfahamu. Aliandika kwamba tulimwahidi kompyuta yake baada ya siku mbili, akaipata baada ya wiki, ikiwa na mkwaruzo kwenye kifuniko. Alimalizia kwa neno moja: wezi. Neno hilo ndilo lililomchoma bosi. Tena tulikuwa na karatasi ya mapokezi yenye sahihi ya mteja mwenyewe, na mkwaruzo ulikuwa umeandikwa pale tangu siku alipoileta.

"Anadanganya, na ushahidi tunao," bosi alisema. "Kwa nini wasiyafute?"

Kwa sababu Google haiamui kesi ya aina hiyo. Mfanyabiashara na mteja wakipishana juu ya kilichotokea, wao hawaingilii kusema nani mkweli. Anayepitia ripoti anaangalia maandishi na kujiuliza kama yamevunja kanuni ya maudhui: matusi, chuki, vitisho, taarifa za siri za mtu, maoni ya kughushi, mambo yasiyohusu huduma, au mwandishi mwenye masilahi yake katika biashara hiyo. Mteja aliyehudumiwa kweli, akaandika kuhusu huduma aliyopata, hata akiongeza chumvi, hajavunja kanuni. Karatasi yetu isingesaidia kitu kwenye ripoti. Mahali pake palikuwa kwenye jibu, ambako msomaji mwingine angeiona hoja yetu. Nikaandika mistari michache: tulichelewa kwa sababu kipuri kilichelewa kufika na tulipaswa kumpigia simu; kuhusu mkwaruzo, karatasi aliyosaini siku ya kuleta kompyuta ipo, tunamkaribisha tuitazame pamoja. Neno "wezi" sikuligusa.

Ya pili ndiyo yaliyonikosesha usingizi. Akaunti haikuwa na picha, na jina lilikuwa la kubuni. Mwandishi alisema aliwahi kufanya kazi kwetu, bosi ana dharau, mishahara inachelewa. Kisha akamgeukia dada wa mapokezi. Alimtaja kwa majina yake yote mawili, akamzulia uhusiano na bosi, akaweka namba yake ya simu, na kuwaambia wasomaji wampigie wamuulize wenyewe.

Bosi alikuwa ameshaandaa jibu kwenye simu yake. Lilianza kwa kumtaja mtu: wewe ni fulani, tulikufukuza kwa kuiba vipuri. Nilimwomba asibonyeze chochote kwanza, nikamwonyesha dada wa mapokezi pale mezani. Simu yake alikuwa ameilaza kifudifudi, na kila ilipotetemeka aliishika kwa kiganja mpaka inyamaze. Watu walikuwa wameanza kupiga.

Jibu lile lingefanya nini? Kwanza, mwandishi angepata taarifa kwamba mwenye biashara amemjibu, na angeweza kurudi kuhariri maoni yake na kuongeza mengine. Pili, hatukuwa na uhakika ni yeye. Tulikisia tu kutokana na namna ya uandishi, na kumwita mtu mwizi hadharani kwa kukisia ni kujitafutia kesi. Hata angekuwa yeye, sababu za kumwachisha mtu kazi si habari za kutangazia wateja. Kubwa zaidi kwangu, ni kwamba kila neno ambalo tungeandika chini ya maoni yale lingemthibitishia msomaji kuwa dada yupo na namba ni yake. Hata "si kweli" ingekuwa imeshamtambulisha. Hapakuwa na namna ya kujibu bila kumuumiza yeye, na yeye hakuwa ameomba kutetewa hadharani.

Nikampa bosi kipimo ninachokitumia mpaka leo. Yafunike mambo yote unayoyajua wewe, kisha usome maandishi peke yake kama mgeni asiyekufahamu. Kosa likionekana palepale kwenye maandishi, ripoti. Ikibidi ueleze historia ndefu ndipo kosa lionekane, hilo ni la kujibu. Namba ya simu ya mtu binafsi inaonekana bila maelezo yoyote.

Kabla ya kuripoti nilipiga picha ya skrini inayoonyesha maandishi yote, jina la akaunti na tarehe, kwa sababu maoni yakishafutwa huwezi kurudi kuyatazama, na dada angeweza kuyahitaji endapo angeamua kwenda polisi. Kisha nikaingia kwa akaunti ya biashara, nikabonyeza vile vidoti vitatu pembeni ya maoni, nikachagua Report review. Hapo unatakiwa kutaja sababu. Bosi alitaka tuchague ya mwandishi mwenye masilahi, maana ndiye aliyemuudhi. Nikachagua Personal information, iliyokuwa wazi zaidi. Alipendekeza pia mafundi wote waripoti kwa simu zao. Nikakataa, kwa kuwa kinachopimwa ni maandishi, si wingi wa waliolalamika. Dada peke yake ndiye niliyemwambia aripoti, kwa kuwa taarifa zilikuwa zake.

Siku chache baadaye yalikuwa yameondolewa. Hatukuwa tumeandika neno hadharani, kwa hiyo hakuna picha ya majibizano iliyobaki kuzunguka.

Halafu yakaja mengine, kwa mkono uleule nadhani, safari hii bila jina wala namba: nilifanya kazi hapo, mishahara inachelewa, msiende. Hapa palikuwa pagumu. Kanuni inasema ukurasa wa maoni si mahali pa kusimulia ajira yako, iwe ya sasa au ya zamani, nasi tuliripoti kwa Conflict of interest, ile sababu ya mwandishi mwenye masilahi. Jibu likarudi: Report reviewed - no policy violation, yaani hawakuona kanuni iliyovunjwa. Kilichobaki ni rufaa, na rufaa ni moja tu, kwa hiyo haiandikwi kwa hasira. Bosi alitaka nieleze kwamba mtu huyo ni mwongo.

Nilimwambia siwezi, kwa sababu mishahara ilikuwa inachelewa kweli. Mimi mwenyewe nilikuwa nasubiri wangu. Niliandika jambo moja tu linaloweza kuonekana na yeyote: mwandishi mwenyewe anasema alikuwa mfanyakazi, na hakuna sentensi hata moja inayoeleza huduma aliyopata kama mteja. Sikugusa ukweli wa lalamiko lake.

Rufaa ilikubaliwa, maoni yakaondoka. Jioni ile nilimfuata bosi ofisini nikamwambia kwamba yule mtu tumemwondoa mahali pasipo pake, lakini deni lake la mshahara, kama lipo, halijafutwa na Google, na njia ya kulidai kwenye ofisi ya kazi iko wazi kwake. Alinyamaza, kisha akaniomba nimletee daftari la mishahara.