Wageni 240 kwa mwezi hawatoshi kulinganisha matoleo mawili
Ukurasa wangu wa wavuti wa huduma ya kusafisha matangi ya maji hupata wageni 240 kwa mwezi, na takriban 7 hubonyeza kitufe. Ili kuthibitisha kitakwimu ongezeko kutoka asilimia 3 hadi 4, ningehitaji wageni zaidi ya 5,000 kwa kila toleo la ukurasa, la zamani na jipya, yaani zaidi ya miaka 3. Kwa hiyo niliwaonyesha watu 6 wasioijua kazi yangu ukurasa huo kwa sekunde 5, nikaufunga, kisha nikawauliza ninauza nini. Wanne walijibu, “Maji.” Kichwa “Suluhisho la Maji Safi” kikawa “Tunasafisha Tangi Lako kwa Siku Moja”, picha za tangi kabla na baada ya kusafishwa nikazisogeza karibu na kitufe, na maandishi ya kitufe hicho, “Wasilisha”, yakawa “Uliza Bei”. Wengine 6 walielewa wote. Njia hii hufichua mkanganyiko. Haipimi ongezeko la wateja.