Maji yalikuwa sahihi, tundu ndilo lililonidanganya: kumbukumbu ya wiki ya tatu

Leo jioni namba zimekubaliana. Wiki tatu nzima maji yamekuwa yakitoka kwenye mrija wangu pungufu kwa theluthi moja ya yale ambayo hesabu inayataka, na sikuwa na usingizi mzuri. Naandika sasa hivi kabla sijasahau njia niliyopita.

Kwa asiyefuatilia tangu mwanzo: lengo ni kupima mnato wa mafuta ya nazi, yaani jinsi yanavyokataa kutiririka, kwa mrija mwembamba, hapa nyumbani Tanga, bila kifaa cha maabara. Nilianza na maji kwa sababu mnato wake unajulikana, hivyo yanaupima mrija wenyewe kabla sijauamini kwa mafuta. Mrija ni ule wa shaba wa friji, kapilari, nilioununua kwa fundi mmoja wa Ngamiani. Una urefu wa mita moja na nimeunyoosha ukalala sawasawa, kwa sababu mrija uliojikunja unayazungusha maji ndani na kuongeza ukinzani. Ndoo iko juu, na uso wa maji unabaki sentimita 50 juu ya mdomo wa kutokea muda wote. Maji yana nyuzi 28, kwa hiyo mnato ni paskali-sekunde 0.000833.

Kwa kipenyo cha milimita 1.0, hesabu inasema mililita 50 zijae kwa dakika 5 na sekunde 47. Saa yangu ilisoma dakika 8 na sekunde 45.

Kwanza niliushuku mdomo. Nilikuwa nimeukata kwa koleo, na koleo hubana shaba. Nikakata upya kama mafundi wanavyofanya: unachora mkwaruzo kwa tupa kuzunguka mrija, unaukunja kidogo, unakatika wenyewe bila kubanwa. Kisha nikausafisha mdomo kwa kuuzungushia keekee ya milimita moja. Hakuna kilichobadilika. Shikeni hiyo keekee akilini, tutairudia.

Pili nililishuku tone. Maji yakidondoka hewani, kila tone linaning'inia kwenye mdomo kabla ya kuanguka, na ngozi ya uso wake inasukuma maji kurudi nyuma. Kwenye mdomo wenye upana wa nje wa milimita 2, presha hiyo inaweza kufika paskali 140 hivi, wakati presha yangu yote ni paskali 4,885. Nikauzamisha mdomo ndani ya kikombe kilichojaa, nikapima sentimita 50 kutoka uso wa ndoo hadi uso wa kikombe, na maji yanayofurika ndiyo nikayakusanya. Hapo muda ukashuka hadi dakika 8 na sekunde 34. Tone lilikuwa kweli mwizi, lakini mwizi wa kuku. Aliyeiba ng'ombe bado alikuwa ndani.

Hapo nikaanza kuishuku fomula yenyewe. Huwa sipendi kutumia fomula niliyoinakili tu, kwa hiyo Jumapili nilikaa barazani na daftari nikaijenga kutoka chini.

Chukua nguzo ya maji katikati ya mrija, yenye nusu kipenyo r na urefu L. Presha inaisukuma zaidi kwenye uso wa nyuma kuliko inavyoizuia mbele, na nguvu inayobaki ni tofauti ya presha, ΔP, mara eneo la duara. Kinachoizuia ni maji yanayoizunguka, yanayoiburuta kwenye ubavu wake wote. Msuguano huo kwa kila eneo la ubavu nauita τ. Maji hayaongezi kasi wala hayapunguzi, kwa hiyo nguvu hizo mbili ni sawa:

```
ΔP · π r² = τ · 2π r L
τ = ΔP · r / (2L)
```

Mstari huu niliuangalia muda mrefu. Hauna mnato ndani yake kabisa. Unasema tu kwamba msuguano ni sifuri katikati na unakua kwa mstari ulionyooka hadi ukutani, na ungebaki kweli hata kama maji yangekuwa yanavurugika. Mnato, μ, unaingia hatua inayofuata, pale tunaposema kwamba τ inalingana na jinsi kasi u inavyopungua ukisogea kutoka tabaka moja hadi la pili. Hapo ndipo tunapodai kwamba tabaka zinateleza kwa utulivu. Kisha unajumlisha kutoka ukutani, kwenye nusu kipenyo R cha tundu, ambako maji yameshikamana na shaba na kasi ni sifuri, ukielekea katikati:

```
du/dr = -ΔP · r / (2 μ L)
u = ΔP (R² - r²) / (4 μ L)
```

Hiyo ndiyo parabola. Ukitaka maji yote yanayotoka kwa sekunde, Q, gawanya mdomo kuwa pete nyembamba, kila pete na kasi yake, ujumlishe:

```
Q = ∫ u · 2π r dr = π R⁴ ΔP / (8 μ L)
```

Sasa nguvu ya nne ya R ina asili yake. Mbili zinatoka kwenye kasi, kwa sababu mrija mpana unaiweka katikati mbali na ukuta unaoshikilia. Mbili nyingine zinatoka kwenye eneo, kwa sababu mdomo mpana unapitisha zaidi hata kwa kasi ileile. Poiseuille, daktari Mfaransa aliyetaka kuelewa damu kwenye mishipa myembamba, aliipata nguvu hii ya nne kwa kupima tu kwenye mirija ya kioo, miaka ya 1840 hivi, na Hagen wa Ujerumani alikuwa ameshachapisha vipimo vyake mwaka 1839. Ninapofikiria uangalifu waliouhitaji kupima vipenyo vyao, nawavulia kofia.

Hesabu haikuwa na kosa. Basi nikaiuliza swali jingine: kama ni kweli, ni kitu gani lazima kitokee hata nisipoijua R? Presha ikiwa nusu, muda lazima uwe mara mbili. Mrija ukiwa nusu, muda lazima uwe nusu. Nikashusha ndoo hadi sentimita 25: dakika 17 na sekunde 4, karibu kabisa mara mbili. Nikakata kipande kingine cha nusu mita kutoka roli lilelile: dakika 4 na sekunde 22, zaidi kidogo ya nusu. Kiasi hicho kidogo kinaeleweka, kwa sababu presha fulani inatumika kuyapa maji mwendo pale mlangoni, na kwenye mrija mfupi wenye kasi kubwa gharama hiyo inaonekana zaidi.

Jibu hili lilinifungua macho. Umbo la sheria lilikuwa sawa. Kilichokosewa ni kizidisho kimoja tu kisichobadilika, na humo mna vitu viwili ambavyo sijavipima vizuri: mnato na R. Kama ni mnato, maji yangehitaji kuwa na nyuzi 12 ili yawe mazito kiasi hicho. Nyuzi 12, Tanga! Hata maji ya mtungi hayafiki huko. Imebaki R.

Na R niliipataje? Kwa keekee. Iliingia, nikasema tundu ni milimita moja. Lakini keekee ileile ndiyo niliyoizungusha kusafisha mdomo, yaani iliuchonga mdomo ukawa na ukubwa wake yenyewe. Nilipima shimo nililolichimba mimi, si lile maji yanayopita kwa mita nzima.

Kwa hiyo nikaenda kwa sonara mmoja nikaomba kutumia mizani yake ya dhahabu, inayosoma hadi gramu 0.01. Niliuviringisha mrija kama pete pana, nikaupima mkavu, nikavuta maji ndani kwa bomba la sindano hadi yakatokea upande wa pili bila povu, nikafuta midomo, nikaupima tena. Tofauti ni gramu 0.65. Huo ni ujazo wa mililita 0.653 kwenye mita moja, na kipenyo kinachotoka humo ni milimita 0.91. Napenda njia hii kuliko kifaa chochote cha kuchungulia mdomoni, kwa kuwa inapima tundu lote. Udhaifu wake ni kwamba gramu 0.01 juu ya 0.65 inakuwa kosa la asilimia 3 kwenye Q, kwa hiyo nilirudia mara tano.

Tofauti ya milimita 0.09 haionekani kwa jicho. Lakini 0.91 mara yenyewe mara nne ni 0.686. Hiyo ndiyo theluthi yangu iliyopotea. Hesabu mpya inadai dakika 8 na sekunde 27. Nimepima dakika 8 na sekunde 34. Nimepiga kelele hadi mama mwenye nyumba akatoka kuuliza kuna nini.

Nikarudi kwa fundi kumweleza.

"Sasa kaka, si ungeniuliza?" akasema. "Hiyo ni namba 36."

Namba 36 maana yake sehemu 36 kati ya elfu moja za inchi, yaani milimita 0.914. Alikuwa nalo jibu tangu siku ya kwanza.

Nilipaswa kesho kuanza mafuta, lakini nimekamatwa na kitu kingine. Nataka kuiona parabola kwa macho. Nimechukua gliserini ya duka la dawa, nimeigawa, nusu nikaitia rangi ya chakula, nikaziweka moja nyuma ya nyingine kwenye mpira wa plastiki unaopenya mwanga, wenye tundu la milimita 8. Ikianza kutiririka, mpaka wa rangi unachongoka kama ncha ya mkuki, na ukutani rangi haisogei kabisa. Fomula inasema katikati huenda mara mbili ya wastani. Kila mililita 5 zinazotoka ni wastani wa milimita 100 ndani ya mpira. Ncha imesogea milimita 190. Sikuhitaji kujua mnato wala presha kupata jibu hilo. Kesho narudia nikiwa na picha.

Mafuta yatasubiri, na si kwa mrija huu. Mnato wake ni zaidi ya mara 40 ya maji, mililita 50 zingechukua karibu saa sita. Fundi ana namba 64 pia. 64 gawanya kwa 36, kisha mara yenyewe mara nne, ni karibu 10, kwa hiyo itakuwa nusu saa na kidogo. Nimeshamwambia aniwekee mita moja, na asiikate kwa koleo.