Advansi kabla ya randa: jinsi ninavyoelewana na mteja wa kabati

Mimi ni fundi seremala, karakana yangu ipo Keko, Dar es Salaam. Kwa miaka mingi nilikuwa hodari wa kuunga mbao na dhaifu wa kuomba hela. Mteja akiniuliza, "Fundi, nikuachie kiasi gani?" nilikuwa najibu, "Chochote ulichonacho, tutamalizana." Jibu hilo lilinigharimu meza nzima ya chakula.

Ilikuwa meza ya watu kumi, ya mninga, urefu futi 9, bei milioni moja na laki nne. Aliyeiagiza aliniachia laki mbili. Mbao peke yake zilinila zaidi ya laki saba, na zilizopungua nikakopa kwa muuza mbao. Meza ilipokamilika mwenyewe akaja, akaizunguka, akasema miguu ni minene, yeye alitaka ya kuchongwa. Tulikuwa tumeongea kwa mdomo tu, mimi nikikumbuka hivi na yeye vile. Baadaye akahamishwa kikazi, simu ikawa haipokelewi. Meza ya futi 9 haiingii sebule za watu wengi, na ilikaa karakanani miezi saba ikifunikwa turubai hadi nikaiuza kwa laki tisa.

Nilichojifunza hapo ni kwamba nilikuwa na makosa mawili na yalikuwa yanalishana. Advansi ilikuwa ndogo kwa sababu sikuwa na mchoro wa kumwonyesha mtu hela yake inakwenda wapi. Mchoro haukuwepo kwa sababu, bila advansi ya maana, niliona ni kupoteza muda kumchorea mtu ambaye huenda harudi. Nikaamua kugeuza mpangilio: nipime kwanza, nichore, mteja aukubali mchoro, ndipo niombe hela, na niombe kwa hesabu.

Nieleze kazi moja ya mama mmoja wa Tabata, maana ndiyo iliyonifundisha zaidi.

Alinipigia akitaka kabati la nguo la milango mitatu kwenye chumba chake cha kulala, likae katika nafasi iliyoachwa kati ya kuta mbili. Alishanitumia picha ya kabati aliyoiona mahali, akaniuliza bei papo hapo. Nikamwambia, "Shikamoo mama. Bei ya picha naweza kukukadiria, ila bei ya chumba chako mpaka nikipime." Jumamosi nikaenda na tepu.

Nafasi kati ya kuta mbili haipimwi mara moja. Nilipima chini karibu na sakafu, katikati na juu. Chini ilikuwa inchi 73 na robo, katikati 73, juu 72 na robo tatu. Ukuta ulikuwa umelala kidogo, na hilo ni jambo la kawaida kwenye plasta ya majumbani. Kabati likitengenezwa kwa kipimo cha chini halitaingia juu. Nikamweleza mama kwamba litakuwa na upana wa inchi 72, na uwazi utakaobaki pembeni nitauziba kwa kipande chembamba cha mbao kitakachochongwa palepale kufuata ukuta. Nikaandika hilo kwenye daftari mbele yake, maana mteja asipolijua mapema, siku ya kufunga ataona kile kipande ni kiraka cha kuficha kosa.

Nilirudi siku ya tatu na mchoro kwenye karatasi ya miraba, kila mraba ukiwa inchi 3. Mama akautazama, akasema, "Mzuri, mwanangu, endelea." Zamani ningechukua saini hapo na kuondoka. Lakini nimeona kwamba wateja wengi hawausomi mchoro. Wanaukubali kwa sababu unaonekana wa kitaalamu, na wanaona aibu kuuliza. Saini ya mtu asiyeelewa alichosaini haimsaidii fundi wala mteja, kwa kuwa siku ya ugomvi atasema, na atakuwa anasema kweli, kwamba hakujua.

Kwa hiyo nikatoa chaki, nikamwomba ruhusa, nikachora kabati lenyewe ukutani kwa ukubwa wake halisi: mahali pa bomba la kutundikia nguo, rafu, na droo mbili za chini. Nikamwambia, "Mama, nyoosha mkono kama unatundika gauni." Mkono wake ulifika, ila kwa kusimama kwa vidole. Tukashusha bomba inchi 4. Kisha nikapiga mstari sakafuni kuonyesha mlango ukifunguka. Milango mitatu kwenye inchi 72 maana yake kila mmoja una inchi 24. Kutoka uso wa kabati hadi kitandani kulikuwa na inchi 23 tu. Mlango ungegonga kitanda kabla haujamaliza kufunguka!

Mama akakaa kitandani akacheka kwa mshangao. "Sasa tungefanyaje?" Tukabadilisha iwe milango minne ya inchi 18. Badiliko hilo pale lilikuwa la chaki tu. Kama lingegundulika baada ya mbao kukatwa, lingekula milango mitatu na siku nne za kazi. Nikamwambia hivyo hivyo, kwa maneno hayo, na nadhani hapo ndipo alipoelewa kwa nini nasumbuka kumtaka aukubali mchoro kabla sijagusa randa.

Bado kulikuwa na suala la mbao yenyewe. Nilikuwa nimebeba kipande cha mninga kilichopigwa msasa, nusu kimepakwa vanishi isiyo na rangi, nusu ya kahawia. Mninga una kiini chenye rangi ya kahawia, na pembeni una sehemu nyeupe. Kuna mteja anayependa michirizi hiyo miwili ikutane, na kuna anayeiona kama mbao mbovu iliyochanganywa. Mama alisema hataki weupe kwenye milango, ndani haidhuru. Nikaandika: "Weupe usionekane mbele." Sharti hilo linaongeza gharama, kwa sababu sehemu ya kila ubao inatupwa au inapelekwa ndani, na ni bora lijulikane kabla ya kutaja bei.

Baada ya hapo ndipo nikataja hela. Sikumwambia "niachie nusu". Nusu ni neno linalomfanya mteja ahisi unamkisia uwezo wake. Nikamwandikia hivi: mbao na plaiwudi ya mgongoni 1,050,000, bawaba, vitasa, gundi, msasa na vanishi 260,000, ufundi, usafiri na kufunga 650,000. Jumla 1,960,000. Bawaba zilikuwa 12, tatu kwa kila mlango, maana mninga ni mzito na bawaba mbili huachia mlango ukalala baada ya muda.

Akanyamaza. Kisha akasema neno ambalo kila fundi wa Dar amelisikia: "Mwanangu, fundi wa madirisha alinikimbia na laki nne. Sasa wewe unataka milioni kabla sijaona hata ubao mmoja?"

Sikukasirika, kwa sababu hofu yake ilikuwa ya haki. Nimeona mafundi wanaoanza kujitetea hapo, "mimi siyo kama wale", na maneno hayo ndiyo aliyoyasema yule aliyekimbia. Nilimweleza hela hiyo inafanya nini. Mbao nzuri iliyokauka haikopeshwi kirahisi. Nikipewa hela kidogo nitalazimika kununua mbao mbichi ya bei nafuu, na mbao mbichi ikikauka ndani ya nyumba hupungua upana, viungo vikafumuka na mlango ukapinda. Kabati linalopinda mwezi wa tatu mara nyingi lilianzia kwenye advansi ndogo.

Kisha tukaligawa deni kufuatana na kazi inayoonekana. Malipo ya kwanza, 1,050,000, ni ya mbao tu, nayo yatatolewa siku ya kununua, mwanawe akiwepo. Malipo ya pili, 500,000, kabati likishasimama bila vanishi, naye aje alikague likiwa tupu, wakati kila kiungo kinaonekana. Malipo ya mwisho, 410,000, likishafungwa nyumbani kwake. Nikaandika pia mambo matatu chini ya mchoro: kabla mbao hazijanunuliwa akighairi harudishwi pungufu hata shilingi; mbao zikishakatwa kwa kipimo chake, hela ya mbao hairudi; na siku 21 za kazi zinahesabiwa kuanzia siku ya mbao, siyo siku tuliyoongea kwenye simu. Hilo la mwisho dogo linaokoa ugomvi mwingi, kwani mteja huanza kuhesabu tangu alipopiga simu ya kwanza.

Akasaini, nami nikasaini, kila mmoja akabaki na nakala. Jumatatu mimi na mwanawe tulikwenda Buguruni. Nilimwonyesha jinsi ya kutambua mbao mbichi: inakuwa nzito kuliko inavyoonekana, ukiiwekea kiganja ni ya baridi, na ikipigwa randa maranda yake yanashikana yakiwa na unyevu. Tulikataa mbao tano kwa sababu hiyo. Yule kijana alimtumia muuzaji hela moja kwa moja kwa simu, mimi sikuishika, na jioni mama akanipigia akiwa ametulia kabisa.

Wiki ya pili akaja na ombi jipya: kioo kirefu kwenye mlango mmoja. Milango ilishaungwa. Kukiingiza kioo ndani ya fremu kungetaka kuubomoa mlango, ila kukibandika upande wa ndani kuliwezekana. Nikamtumia ujumbe: "Mama, kioo cha ndani ya mlango wa kwanza kulia, 45,000 ya ziada, siku moja ya ziada. Ukikubali niandikie NAKUBALI." Akaandika. Ule ujumbe niliunakili nyuma ya mchoro kwa tarehe yake. Sibadilishi kitu chochote kwa neno la simu, hata kiwe kidogo na hata mteja awe mwema namna gani, kwa sababu mabadiliko madogo matatu yasiyoandikwa ndiyo yanayozaa maneno ya "mbona bei imepanda".

Alipokuja kukagua kabati likiwa halijapakwa vanishi, alifungua kila droo na kukuta doa jeupe upana wa kidole kwenye mlango wa tatu. Lilinipita. Karatasi ilisema weupe usionekane mbele, kwa hiyo nilibadilisha ubao ule kwa gharama yangu, bila mjadala. Ile karatasi inanibana mimi pia.

Siku ya kufunga, kabati liliingia, kile kipande cha pembeni nikakichonga kufuata ukuta, milango minne ikafunguka bila kugusa kitanda. Alinilipa 455,000 kabla sijakusanya vifaa, akaniuliza kitanda cha binti yake cha sita kwa sita kitakuwa bei gani. Nikamwambia godoro linunuliwe kwanza, maana magodoro yanayoitwa sita kwa sita hayalingani urefu, nami nitakuja kulipima.