Siku yangu na ujumbe wa mistari mitano

Saa 1:00 asubuhi. Natafsiri barua na simu za shule katika mji mmoja wa Kentaki, Marekani. Wazazi wengi ninaowahudumia ni Wakongo, na baadhi walikulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Shule zinazopokea fedha za serikali kuu haziruhusiwi kumbagua mtu kwa asili yake, hivyo inasema Sheria ya Haki za Raia ya 1964, na kutoka hapo ndipo mzazi anapata haki ya kuambiwa mambo kwa lugha anayoielewa. Na mimi mkate wangu.

Saa 2:15. Ujumbe umeingia kutoka kwa mwalimu wa darasa la pili. Mtoto ana miaka 7 (vitu vidogo nimevibadilisha). Rasimu yangu ya kwanza, ya harakaharaka, ilisomeka hivi: "Mwanao ni furaha darasani, lakini hupata shida kuzuia mikono yake. Huvuruga kipindi cha zulia. Tumemrudi mara kadhaa. Akiendelea atapata adhabu. Zungumza naye nyumbani."

Nikaisoma kama mama yake angeisoma, jasho likanitoka. Hakuna neno ambalo kamusi ingelikataa, ila barua nzima ni ya kutisha.

Chukua "tumemrudi". Mwalimu kasema walimwelekeza tena kwenye kazi yake. Kumrudisha mtoto kwenye kazi ni jambo moja; kumrudi ni kumkanya, mara nyingi kwa fimbo. Silabi moja tu, na mama anaamini mwanawe kachapwa shuleni. Halafu hiyo "hu-". Mwalimu anazungumzia wiki hii, mimi nimeandika "huvuruga", yaani ndivyo alivyo siku zote. Na "adhabu" kwa mtu aliyesoma shule zetu ina sura moja tu, wakati hapa ni kukosa dakika chache za mapumziko.

Mikono ndiyo kichekesho. Kiingereza cha walimu kina adabu yake: badala ya kusema mtoto anawasukuma wenzake, wanasema anapata shida kubaki na mikono yake. Ukitafsiri hivyo hivyo, mama atadhani mtoto anaumwa mikono. Ukiandika "anapiga wenzake", umemzulia kesi.

Saa 3:30. Siruhusiwi kubahatisha, basi nikamwandikia mwalimu maswali matatu. Mikono ilifanya nini hasa? Mara ngapi? Akiendelea, kitatokea nini?

Saa 5:40. Kajibu wakati wa chakula chao cha mchana. Jumanne na Alhamisi, wakati watoto wamekaa kwenye zulia kusikiliza hadithi, alimsukuma mwenzake wa mbele. Hakuna aliyeumia. Kila kipindi alikumbushwa kukaa mara tatu au nne. Akisukuma tena atakaa kando dakika 5 za mapumziko. Nikamwomba ayatie mwenyewe kwenye ujumbe wake, maana mimi sina mamlaka ya kuongeza hata nukta.

Saa 6:30 mchana. Mwalimu kauandika upya mwenyewe. Tafsiri yangu ya mwisho:

"Habari za leo, mama. Ninafurahi kuwa na mwanao darasani. Wiki hii, Jumanne na Alhamisi, alimsukuma mwenzake wakati wa hadithi. Hakuna aliyeumia. Kila moja ya siku hizo nilimkumbusha kukaa vizuri mara tatu au nne. Akisukuma tena, atakaa kando dakika 5 za mapumziko. Naomba uongee naye, na ukipata nafasi tuongee mimi na wewe."

Kusukuma kumebaki. Zamani, nikiwa mgeni kwenye kazi hii, niliwahi kuandika "ni mchangamfu kidogo" kwa mtoto aliyekuwa anauma wenzake. Baba yake akashukuru kwa sifa. Mwezi uliofuata aliitwa kikaoni, akaniuliza mbele ya watu kwa nini sikumwambia. Sikuwa na jibu.

Saa 9:20 alasiri. Simu ya watu watatu. Mama ametoka kulala, anafanya kazi usiku. Swali lake la kwanza: "Wanamfukuza?" Nikatafsiri, mwalimu akasema hapana, upesi sana. Mama akavuta pumzi. "Basi nitamnyoosha leo leo."

Hapo nikasimama. Kunyoosha kunaweza kuwa maneno, kunaweza kuwa mkanda, na Kiingereza kinanilazimisha kuchagua. Nikamwambia mwalimu kwamba namuuliza mama maana ya neno moja, kisha: "Mama, kumnyoosha kwa namna gani?"

Akacheka. "Nitamkalisha chini nimwambie, kaka. Huyo nyumbani ni kimya. Pengine Kiingereza kikiwa kirefu anachoka."

Hilo nililitafsiri neno kwa neno. Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akasema kusukuma kote kulitokea mwishoni mwa hadithi. Jumatatu atamkalisha karibu naye.

Saa 11:00 jioni. Kwenye daftari langu, chini ya "kumrudi", nimeongeza "kunyoosha: uliza kwanza".